"Husika na Kichwa cha Habari Hapo Juu" Ilinikosesha Ruhusa

Julai mwaka jana, 2025, nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, ile tunayoiita fildi. Jumanne tarehe 22, saa tatu usiku, mama alinipigia simu kwamba bibi amefariki na maziko ni Alhamisi, Korogwe. Utaratibu tuliopewa na chuo ulikuwa kumwandikia barua pepe mhadhiri anayekusimamia, nakala kwa mkuu wa shule, na kusubiri jibu. Nikaandika huku machozi yananitoka, nikatuma, alfajiri nikapanda basi.

Alhamisi, wakati tunatoka makaburini, mhadhiri wangu alikuwa amefika shuleni kuniangalia nikifundisha. Alikuta Kidato cha Pili wanapiga kelele, hakuna mwalimu. Mkuu wa shule akamwambia hajui nilipo. Nikaandikiwa kuwa nimetoroka kituo.

Niliporudi nilikwenda kujitetea na simu yangu mkononi. "Mwalimu, mbona nilituma?" Naye hakubisha. Alifungua simu yake akanionyesha kilichokuwa kimetokea kwenye kioo. Mstari wa kwanza ulikuwa namba yangu ya usajili, kwa sababu akaunti ya chuo ndivyo inavyonitambulisha. Mstari wa pili: "YAH: MAOMBI". Wa tatu: "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni..." Basi. Akaniambia, "Wiki ile nilikuwa na wanafunzi zaidi ya thelathini, na kila mtu ana maombi. Wa kubadilishiwa shule, wa barua ya utambulisho, wa posho. Nikasema haya nitayasoma Ijumaa nikitulia."

Kusema kweli nilikasirika. Lakini nikijiweka kwenye nafasi yake, ile mistari mitatu ilimwambia nini? Kwamba kuna mtu, ana jambo. Msiba ulikuwa aya ya pili, tarehe aya ya tatu.

Hoja yangu ni kwamba sisi tumefundishwa barua ya karatasi, halafu tukaipeleka nzima nzima kwenye simu. Kwenye karatasi ule mtindo una mantiki. Mpokeaji anashika ukurasa wote, kichwa kimepigiwa mstari, na macho yake yanashuka hadi chini bila kubonyeza kitu. Kwenye simu anapewa kipande tu kabla hajaamua kufungua. Simu ikiwa wima, mada huonekana kama herufi thelathini hadi arobaini hivi, kutegemea simu yenyewe, kisha maneno machache ya mwanzo wa ujumbe. Hapo ndipo anaamua kama ni la sasa au la baadaye. Ukizitumia nafasi hizo kwa "YAH" na "husika na kichwa", umezitupa. Tena kisanduku cha mada chenyewe ndiyo hiyo "yahusu", huna haja ya kuiandika mara ya pili.

Sasa tuichukue barua yangu ileile tuirekebishe. Mada ingekuwa hivi:

Ombi la ruhusa 23–25 Julai: msiba

Hizo ni herufi 33 pamoja na nafasi, karibu zote zinaonekana. Neno la kwanza lina kazi kubwa kuliko tunavyodhani. "Ombi" linamwambia mkubwa kwamba anatakiwa kujibu. Kama umeshalazwa zahanati na huwezi kwenda, huombi tena, unatoa taarifa, kwa hiyo andika "Taarifa: siji kazini leo 23 Julai, naumwa". Mtu akisoma "taarifa" anajua kazi yake ni kutafuta wa kushika kipindi, siyo kukaa kufikiri akubali au akatae. Mada ya neno moja tu, "Ruhusa", haisemi ni kipi kati ya hivyo viwili.

Halafu tarehe. Mimi niliandika "kuanzia kesho". Niliandika Jumanne usiku, na mtu akiisoma Jumatano asubuhi, kesho yake ni Alhamisi. Vilevile "hadi Ijumaa" ina utata: Ijumaa upo au haupo? Taja siku na tarehe, kisha taja siku ya kurudi.

Sentensi za mwanzo zingekuwa hizi:

Shikamoo mwalimu. Naomba ruhusa ya siku tatu, Jumatano 23 hadi Ijumaa 25 Julai, kwenda kumzika bibi yangu Korogwe. Nitarudi kazini Jumatatu 28 Julai.

Baada ya hapo sentensi moja ya kazi: vipindi vyangu vya Kidato cha Pili vitashikwa na mwalimu wa somo, tumeshakubaliana. Na moja ya jibu: naomba unijibu leo usiku kwa sababu basi linaondoka saa 12 asubuhi. Jina kamili, shule na namba ya simu vinakaa chini. Kama akaunti yako inaonyesha namba ya usajili au jina la utani, badilisha kwenye mipangilio, na ikigoma, ongeza jina lako mwishoni mwa mada.

Rafiki yangu mmoja wa chumbani alipinga. "Wewe, ukianza na ombi moja kwa moja unaonekana hujalelewa." Namwelewa, na ndiyo maana shikamoo haijaondoka. Ina neno moja, na kumwita mwalimu kunaongeza la pili. Kilichoondoka ni "natumaini u mzima wa afya na unaendelea vema na majukumu ya kulijenga taifa", ambayo inakula nafasi yote ya kioo kabla hujasema unachotaka. Mbona ukiingia ofisini kwake, unaamkia, unaambiwa "marahaba, nikusaidie nini?", na unasema shida yako papo hapo? Heshima ya mtu mwenye wanafunzi thelathini ni pamoja na kutomtafutisha.

Pia kuna kitu cha kuangalia: sababu. Mada inaweza kutokea kwenye kioo hata simu ikiwa imefungwa juu ya meza ya ofisi ya walimu, na nakala inaweza kupitia kwa karani. "Msiba" hauna siri. Ugonjwa una siri. Andika "matibabu" kwenye mada, na maelezo mengine yapeleke kwa anayehusika peke yake.

Na sitawadanganya, mada nzuri isingetosha usiku ule. Barua pepe iliyotumwa saa tatu usiku kwa safari ya alfajiri inahitaji simu au angalau ujumbe mfupi: "Mwalimu, nimekutumia ombi la ruhusa ya msiba, naomba uliangalie." Barua pepe inabaki kuwa kumbukumbu ya maandishi, nayo ndiyo iliyoniokoa, kwa sababu muda wa kutuma ulionekana. Mhadhiri alifuta neno "ametoroka". Lakini tathmini ile ilibidi ifanyike upya wiki ya mwisho, na wale wanafunzi wangu vipindi vyao havikurudi.

Mimi nitakuwa mwalimu mwakani, Mungu akipenda, na huenda nikafundisha uandishi wa barua. Nitawafundisha ya karatasi kama mtaala unavyotaka. Halafu nitawapa simu yangu, nitafunika ujumbe wote kwa kiganja, niache mistari mitatu tu, na kuwauliza: huyu anataka nini, lini? Wakishindwa kujibu, tunaandika upya. Fungua zile ulizotuma wiki hii ujaribu mwenyewe.