Kijani ni Uhai, na Uongo Mwingine wa Usaili

Ukitaka kumjua mbunifu wa michoro aliyefundishwa kudanganya kwa adabu, muulize kwa nini amechagua rangi ya kijani. Atakwambia kijani ni uhai, ni ukuaji, ni matumaini. Muulize kwa nini bluu, utasikia uaminifu. Njano ni furaha. Majibu hayo yamekaririwa kama salamu, na ubaya wake mkubwa ni kwamba hakuna mtu chumbani anayeweza kuyapima. Asiye mbunifu ataitikia kwa kichwa kwa sababu hana pa kuyashikia. Ndiyo maana nasema usaili wa jalada la kazi, jinsi tunavyoufanya sasa, ni igizo. Na lawama haziwaendei wasailiwa peke yao. Tunaokaa upande wa pili wa meza ndio tunaoliomba igizo hilo.

Nilikaa upande huo mwaka jana. Mradi mmoja ambao nilikuwa msaidizi wake wa utafiti, nikiwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili, ulitafuta mbunifu wa kutengeneza vipeperushi vya afya vya kubandikwa na kugawiwa zahanati. Jopo lilikuwa la watu wanne: mhadhiri, mhasibu wa mradi, muuguzi mzoefu tuliyemwita Mama, na mimi. Mwenye mafunzo ya ubunifu alikuwa mimi tu. Watatu waliobaki ndio watu ambao mbunifu atafanya nao kazi maisha yake yote.

Kijana wa kwanza aliyeingia alikuwa na slaidi za kupendeza. Kazi yake kuu ilikuwa nembo ya duka la juisi. Kwanza ikaja ile michoro ya almasi mbili iliyosambazwa na Baraza la Ubunifu la Uingereza miaka ya 2000, ile ya kutanua na kubana, kutanua tena na kubana tena. Ikafuata picha ya ukuta wenye vikaratasi vya njano. Kisha ukurasa wa michoro ya penseli, kisha nembo yenyewe imezungushiwa miduara myembamba kuonyesha kwamba jani lake limetokana na hesabu, na mwisho nembo imebandikwa juu ya mfuko, fulana na gari.

Niliitazama ile miduara. Upinde wa jani haukuwa umeifuata hata mmoja; ulipita kando yake kwa upana wa kidole kwenye ukuta wa projekta. Miduara ilichorwa baada ya jani. Nasema hivi bila kumdharau, kwa sababu madarasa mengi yanamlipa mwanafunzi alama kwa miduara hiyo. Vivyo hivyo na vile vikaratasi: vyote vilikuwa vimeandikwa kwa mwandiko mmoja, kwa kalamu moja, na hapakuwa na hata kimoja kilichokatwa mstari. Kazi halisi haiachi ukuta safi namna hiyo.

Mhasibu akauliza, "Kwa nini kijani?"

"Kijani ni uhai, mzee. Kinaleta hisia ya ukuaji."

"Kwangu mimi kijani ni Yanga."

Tulicheka sote, na kijana naye akacheka, lakini jibu hakuwa nalo. Asingeweza kuwa nalo. Ukisema rangi ina maana iliyotulia ndani yake, mtu yeyote mwenye kumbukumbu tofauti ameshakushinda. Angeweza kusema kwamba maduka mawili ya jirani yote yana mabango mekundu na yeye alitaka duka lionekane kutoka ng'ambo ya barabara. Hilo mhasibu angeweza kwenda kuliona kwa macho yake. Sijui kama lilikuwa kweli, na hakuna aliyemuuliza.

Baadaye akaingia dada mmoja na bahasha. Hakutumia projekta. Alitoa karatasi saba akaziweka mezani, zote za kazi moja: maelekezo ya kuchanganya ORS, ile dawa ya kurudisha maji mwilini kwa mtoto anayeharisha. Pakiti aliyoichora ni ile ya kawaida, ya kuyeyushwa kwenye lita moja ya maji safi. Maji yakiwa machache mno, chumvi inazidi na mtoto anaweza kudhurika zaidi. Yakiwa mengi mno, dawa inakuwa hafifu. Kwa hiyo kazi nzima ya karatasi ile ilikuwa kumwezesha mama kupata lita moja ndani ya nyumba ambayo haina chombo cha kupimia.

Karatasi ya kwanza ilikuwa na jagi lenye mstari ulioandikwa "lita 1". Alisema aliitupa baada ya kuwauliza kina mama waliokuwa kwenye foleni waje na jagi kama lile kesho yake. Majagi yalikuja ya kila ukubwa, na hakuna lililokuwa na mstari. Bilauri nazo zilimshinda kwa sababu hiyo hiyo. Kilichofanana katika nyumba nyingi ni chupa tupu ya maji ya nusu lita, kwa sababu ujazo wake umeandikwa kwenye lebo na kiwanda kimeshapima. Karatasi ya pili ikawa na chupa mbili, alama ya kujumlisha, pakiti moja.

Hapo Mama akamkatiza. "Mwanangu, mimi nikiona chupa na pakiti, namimina pakiti kwenye chupa."

"Ndivyo walivyofanya, Mama. Wanne kati ya sita."

Akafungua karatasi ya tatu. Pakiti nzima ndani ya chupa moja ya nusu lita ni dawa yenye nguvu maradufu, na mchoro wenyewe ndio uliokuwa unaelekeza huko. Hakuongeza maneno ya onyo. Alibadilisha mpangilio wa mchoro: kwanza chupa mbili zinamiminwa kwenye sufuria yenye mfuniko, kisha chupa zote mbili zinaonekana zimelala chini, tupu, na hapo tu ndipo pakiti inatokea, juu ya sufuria. Chupa tupu iliyolala haikaribishi kumiminiwa kitu. Aliporudi kwenye foleni na karatasi hiyo, watu sita wengine, wote walimimina kwenye sufuria. Hakudai kwamba sita ni utafiti. Alisema ni idadi aliyoweza kuipata kabla foleni haijaisha.

Huo ndio mchakato. Ukiuangalia vizuri utaona kwamba kila hatua ina kitu kilichotupwa na sababu ya kukitupa, na sababu hiyo inaeleweka na muuguzi, mhasibu na mhadhiri bila yeyote kujifunza neno jipya. Sikumsikia akitaja uwiano wala uzani wa kuona hata mara moja.

Mhasibu akarudi kwenye rangi. "Hii nyeusi na nyeupe inachosha. Ungeweka nyekundu penye kosa na kijani penye sahihi."

Wabunifu wengi hapa huchagua moja kati ya njia mbili, na zote ni mbaya. Mmoja anajitetea kwamba mteja haelewi sanaa. Mwingine anasema "sawa, nitabadilisha," na anahesabu kwamba huo ndio unyenyekevu. Dada huyu alitoa karatasi mbili zaidi. Moja ilikuwa na rangi hasa alizozitaja mhasibu. Ya pili ilikuwa kopi ya hiyo hiyo, iliyotolewa kwenye mashine ya fotokopi ya kibanda cha jirani na zahanati. Nyekundu na kijani vyote vilikuwa kijivu, na mhasibu alizigeuza-geuza karatasi akitafuta ipi ni ipi. Nilipofika nyumbani nilijaribu kwenye kompyuta kwa nyekundu #D32F2F na kijani #388E3C, rangi zinazotumika sana: zikigeuzwa kuwa kijivu kwa fomula ya kawaida, ya kwanza inakuwa 96 na ya pili 107, kwenye ngazi ya 0 hadi 255. Jicho kwenye kopi iliyofifia halitofautishi hapo. Zahanati hupewa vipeperushi mia, vikiisha hutoa kopi, na mbunifu anayejua hilo hawezi kuiachia rangi ibebe maana peke yake.

Mama alikuwa na jambo jingine. Dawa iliyochanganywa isitumike baada ya saa 24, na dada alikuwa amechora jua, mwezi, kisha jua. "Aliyechanganya usiku je? Ataanza kuhesabu kwenye mwezi, akifika jua atamwaga dawa nzima asubuhi."

Dada akanyamaza kidogo. "Hilo sikuliona," akasema. "Kwa mdomo huwa mnawaambiaje?"

"Tunamwambia, kesho saa kama hii, mwaga."

Aliandika maneno hayo pembeni ya karatasi kwa penseli, akasema saa ya mshale haitamsaidia kwa sababu saa mbili ya asubuhi na saa mbili ya usiku zinafanana mchorini, na kwamba angehitaji kwenda kujaribu kabla ya kuahidi. Hakutoa suluhisho pale pale. Nililipenda hilo kuliko karatasi zote saba, kwa kuwa kukubali ukosoaji ni kuuliza mkosoaji anaona nini hasa, halafu kwenda kupima. Aliyekwambia "weka nyekundu" amekupa dawa; ugonjwa aliouona ni kwamba kosa halijitokezi vya kutosha. Ugonjwa unaweza kuwa wa kweli hata kama dawa haifai.

Kazi akapewa kijana wa kwanza.

Fomu yetu ya alama ilikuwa na vipengele vitano: ubunifu, mvuto, uwasilishaji, mchakato, programu anazozijua. Kwenye mchakato, wawili walimpa dada alama ndogo kwa sababu "hakuonyesha hatua". Hatua walizozitafuta ni zile za slaidi, zenye majina. Nilibishana, Mama akaniunga mkono, lakini jumla ni jumla.

Najua pingamizi. Si kila mbunifu anapata foleni ya zahanati ya kujaribia, na mwanafunzi mara nyingi ana kazi za darasani tu, zisizo na mteja. Basi na aseme kikwazo alichokuwa nacho: karatasi gani, mashine gani, bajeti ya rangi ngapi, nani alikataa nini. Hata nembo ya juisi ina kibao kitakachopakwa kwa brashi na fundi wa mtaani, na jani lenye mikunjo kumi na mbili litamshinda. Pingamizi la pili, kwamba uzuri nao una haki yake, nalikubali kabisa. Lakini mezani petu uzuri ulipewa vipengele viwili kati ya vitano, na kumwezesha mama kupata lita moja ya maji hakukupewa hata kimoja. Wanaoandika fomu hizo wangetosheka na swali moja, "Ulitupa nini, na nani alikuonyesha kwamba hakifai?", wala wasingehitaji mbunifu kwenye jopo ili kupima jibu.

Vipeperushi vya mradi vilitoka kwa rangi nne, kwenye karatasi ya kung'aa. Miezi michache baadaye niliviona zahanati moja, vikiwa tayari kopi za kopi. Juu ya vile visanduku viwili vya kijivu, mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino, kwa herufi kubwa, HAPANA kwenye kimoja na NDIYO kwenye kingine, na kopi zilizofuata zilikuwa zinatolewa kutoka kwenye hiyo.