“Usigivu apu, babu”: Kitenzi kimoja, makosa mawili

Mwaka huu, nikiwa likizoni Bariadi, nilimsikia kijana wa kujitolea akizungumza na mzee mmoja aliyeacha dawa za kifua kikuu baada ya miezi 2. “Shikamoo, babu. Usigivu apu,” alisema. Alipoona hakueleweka, akajisahihisha: “Yaani usikate tamaa.” Mzee akacheka. “Marahaba, mjukuu wangu. Nani kakata tamaa? Mimi nimepona.”

Ndugu msomaji, hapo ndipo lilipo tatizo letu. Kijana alikuwa na kamusi ya neno moja kwa neno moja kichwani. Lakini kitenzi hicho cha Kiingereza ni gunia lenye mazao mchanganyiko. Mkulima wa pamba aliyevunjwa moyo na bei amekata tamaa. Akiamua kulima alizeti badala yake, ameacha pamba, na huenda ana matumaini tele. Aliyezidiwa katika mabishano amenyoosha mikono. Anayempisha mama mjamzito garini amemwachia kiti. Kiambishi kimoja tu ndani ya “acha” kimefanya kazi yote. Na aliyeshindwa kitendawili hutoa mji. Kiswahili hutaka kwanza tujue ni nini kinachoachwa, na kwa nini.

Mzee yule aliacha dawa kwa sababu alijisikia vizuri. Kumwambia asikate tamaa ni kutibu ugonjwa asiokuwa nao. Alihitaji kuambiwa, “Babu, usiache dawa hadi miezi 6 itimie.”

Neno lake “nimepona” nalo lina funzo. Vijana husema mtu “amegetova” malaria, mpenzi na msiba, vyote kwa pumzi moja. Kwetu, homa ikishuka umepata nafuu. Ugonjwa ukiisha umepona. Mpenzi wa zamani ameshakutoka moyoni. Kwa aliyefiwa tunasema ameanza kupoa, kwa maana hakuna anayedai kwamba msiba umekwisha. Mzee alikuwa na nafuu, akaiita kupona. Tofauti hiyo ndiyo iliyostahili kuelezwa, na mseto wa kijana usingeweza kuibeba.

Sipigi vita mseto wa vijiweni. Wanafunzi wangu “wakihengi auti”, sina ugomvi nao, ingawa wakibarizi, wakipiga soga au wakishinda kwa rafiki, wananieleza zaidi walichokuwa wakifanya. Wakizurura, wameshajihukumu wenyewe.

Ugomvi wangu ni na mtumishi wa umma anayebeba mseto huo, au tafsiri yake ya haraka, hadi mlangoni kwa mwananchi. Kabla hujafasiri, jiulize: ningekuwa namweleza bibi yangu jikoni, ningesemaje? Kama jibu ni “asiache dawa”, basi andika hivyo hivyo kwenye kipeperushi.