Serikali ikirudisha saa, nani analipa lile lisaa moja?

Sisi batumikaji wa Kolwezi tumezoea: Kinshasa iko nyuma yetu kwa lisaa moja. Lakini serikali ikibadilisha saa ya inchi nzima ghafula, inakuwa je? Tuangalie Sudani ya Kusini. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 2021, saa 6 ya usiku ilipofika Juba, walirudisha saa mpaka saa 5. Tangu siku ile saa yao ni sawa na yetu.

Simu na kompyuta nyingi zinafuata orodha moja ya saa za dunia. Orodha mupya ilitoka tarehe 24 Januari, siku 8 tu mbele ya mabadiliko. Simu ambayo haikuipata ilionyesha saa 3 asubuhi wakati Juba ni saa 2. Musafiri asizungushe saa kwa mukono: orodha ikifika, simu itarudi nyuma mara ya pili. Afazali achague muji wenye saa sawasawa, hata Lubumbashi.

Sasa tufikiri mutumikaji. Kazi ya usiku, kutoka saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi, ni masaa 12. Usiku ule ilikuwa masaa 13, juu kutoka saa 5 mpaka saa 6 kulipita mara mbili. Mashine inayoangalia tu saa ya kuingia na ya kutoka itaandika 12. Ni hapo mushahara unapotea. Siku serikali yetu ikigusa saa, tuandike wenyewe kwenye daftari, tudai lisaa la 13.