Burundi: Dhahabu inafuata dola ya mtaani, siyo ya benki

Mwaka 2025, dola moja nchini Burundi ilikuwa karibu faranga 2,950 kwa bei rasmi, lakini mtaani ilipita 7,000. Pengo hilo ndilo linaloamua bei ya dhahabu.

Hesabu ni rahisi. Gramu ya dhahabu safi ikiuzwa dola 100 soko la dunia, kwa bei rasmi ni faranga 295,000. Kwa bei ya mtaani ni 700,000. Mnunuzi wa magendo anaweza kumlipa mchimbaji 600,000, akaivusha mpaka, akaiuza kwa dola, kisha akazibadili dola hizo mtaani na bado akapata faida.

Anayelipa kwa bei rasmi haletewi mzigo, na nchi inakosa dola za kununulia mafuta.