Wastani Ndio Unaoifuata Bei

Vijana wengi wanaofanya biashara ya kripto kwa simu hapa Wote wana imani moja wasiyoihoji: bei ikienda mbali na wastani wake, lazima irudi. Wanaitamka kama sheria ya maumbile. Juu ya sheria hiyo wanatuma shilingi kwa M-Pesa, wananunua USDT, kisha wanaingia sokoni wakingoja bei irejee nyumbani. Mimi nasema sheria hiyo haipo, na kipimo wanachokitumia kuithibitisha kimeundwa kwa namna inayoficha hasara yao.

Kipimo chenyewe ni alama ya z. Kwenye chati ya saa moja moja, mtu huchukua bei za kufunga za saa 20 zilizopita, akatafuta wastani wake, kisha akapima bei ya sasa iko umbali gani kutoka hapo. Umbali huo anaugawa kwa mkengeuko sanifu, yaani kiasi ambacho bei hizo 20 hutawanyika kwa kawaida:

```
z = (bei - wastani) / mkengeuko
```

Alama ikishuka chini ya -2, anasema bei imezidi kuanguka, ananunua. Ikirudi sifuri, anauza. Soko likiwa limetulia, likipanda na kushuka ndani ya mipaka ileile, mbinu hii hulipa, tena hulipa mara nyingi. Sibishani na hilo.

Lakini tazama kinachotokea mwelekeo unapoanza. Chukua sarafu ambayo kwa saa 20 imekuwa ikicheza kati ya dola 99 na 101. Wastani ni 100 na mkengeuko ni 1. Saa inayofuata bei inafunga kwenye 97. Piga hesabu, bei hiyo mpya ikiwemo, utapata z ya karibu -2.46. Ishara imetoka, kijana amenunua. Kisha bei inashuka dola moja kila saa: 96, 95, 94, hadi 78. Sasa saa zote 20 kwenye hesabu ni za mporomoko huu, wastani umeteremka hadi 87.5, na mkengeuko umepanuka hadi karibu 5.8. Alama ya z ni ngapi? Ni -1.65. Kwa kipimo hiki, bei ya 78 ni ya kawaida zaidi kuliko ile ya 97.

Hapo ndipo penye kiini cha ubishi wangu. Bei ikishuka kwa mstari ulionyooka, z ya saa 20 itakuwa -1.65 daima, iwe inashuka senti moja kwa saa au dola mia. Kipimo kinagawa umbali kwa mtawanyiko, na mtawanyiko huo unakuzwa na mwelekeo wenyewe. Hata mshtuko mmoja mkubwa hauwezi kukitikisa kupita kiasi: ukitumia saa 20, na kila bei ikihesabiwa, z haiwezi kuvuka 4.36 hata sarafu ikipoteza thamani yote ndani ya saa moja. Kwa hiyo anayesema "imefika -4, haiwezi kwenda zaidi" anakaribia kusema kweli kuhusu alama. Kuhusu bei hajasema lolote.

Tuimalize hesabu yetu. Bei ikifika 78 inatulia, inacheza kati ya 79 na 77. Bei za juu za zamani zinaondoka kwenye hesabu moja baada ya nyingine, na wastani unazidi kuteremka. Kwenye saa ya 15 ya utulivu huo, bei ikiwa 79, wastani unapita chini yake na z inavuka sifuri. Mbinu inasema biashara imetimia, uza. Kweli pengo limefungwa, kama ilivyoahidiwa. Ila bei haikurudi kwenye wastani. Wastani ndio ulioshuka kuifuata bei, na aliyenunua kwa 97 anauza kwa 79. Amepoteza asilimia 18.6. Kama alikuwa amekopa mara 10 ya mtaji wake, hakufika hata hapo, kwa sababu soko lilimfungia biashara bei ilipokaribia 88.

Watu huniambia: lakini mara tisa kati ya kumi inarudi! Haya, tukubali. Anza na shilingi 10,000, ushinde asilimia 2 mara tisa mfululizo, ukirudisha kila faida kazini. Unafika karibu 11,950. Kisha uje mporomoko mmoja kama huo. Unabaki na takriban 9,730, kabla ya ada. Umeshinda mara tisa kati ya kumi na bado una upungufu.

Si jambo la kubuni tu. Mwanzoni mwa Mei 2022 sarafu ya LUNA iliuzwa kwa takriban dola 80. Kufikia Mei 11 ilikuwa karibu dola 1, na Mei 13 ilikuwa sehemu ndogo ya senti. Kila saa ya safari hiyo ilikuwa na wastani wake na z yake. Sababu ilikuwa nje ya chati. Mwenye UST moja, sarafu pacha ya LUNA iliyolenga kubaki dola moja, alikuwa na haki ya kuibadilisha kwa LUNA ya thamani ya dola moja. UST ilipopoteza usawa wake na dola, watu wakakimbilia kubadilisha, LUNA mpya zikatengenezwa, bei ikashuka, na kwa sababu imeshuka zikahitajika LUNA nyingi zaidi kwa kila UST. Idadi yake ilitoka takriban milioni 350 hadi zaidi ya trilioni 6. Wastani wa juzi ulikuwa wastani wa kitu kingine kabisa.

Upande wa juu ni vilevile. Novemba 5, 2024, siku ya uchaguzi wa Marekani, Bitcoin ilikuwa karibu dola 69,000. Desemba 5 ilivuka 100,000. Aliyeiuza kwa mkopo siku za mwanzo kwa sababu z imepita 2 alipingana na fedha zilizokuwa zikiingia sokoni kwa sababu mpya.

Sisi wa Makueni tunapaswa kulielewa hili upesi. Embe likishuka bei Januari, tunajua litapanda kwa sababu miti itaishiwa matunda na wanunuzi bado watakuwepo. Kuna kitu kinachoivuta bei irudi. Muulize anayenunua sarafu kwa z ya -2 ni nini kitakachoivuta hiyo yake. Akikujibu "wastani", hana jibu. Wastani ni hesabu ya bei zilizopita. Hauna mkono wa kununua.

Kwa hiyo, kabla ya kuweka shilingi nyingine, fungua chati ya sarafu yako, rudi nyuma miezi sita, uandike kila mara z ilipopita -2. Andika bei ya kuingia, kisha bei ilivyokuwa z iliporudi sifuri. Usiandike kama alama ilirudi, maana itarudi takriban kila mara. Andika kama bei ilirudi. Tazama pia wastani ulikuwa ukienda wapi siku hizo: kama ulikuwa unateremka kwa saa nyingi, ishara hiyo iache ipite. Na unapoingia, weka mpaka wa kutoka kwa bei, wala si kwa z, kwa sababu bei haitakufichia hasara. Jumlisha faida na hasara zote pamoja na ada. Jumla ikiwa chini ya sifuri, acha mbinu hiyo leo.