Ukuta au Mikoko? Jibu kwa Mama Aliyeombwa Mchango

 

Mama mmoja wa hapa Kakamega, aliyeolewa huku kutoka pwani ya Kwale, ameniletea suala. Nyumba ya wazazi wake iko ukingoni mwa bahari, na siku za bamvua maji huingia hadi jikoni. Kaka zake wanakusanya mchango wajenge ukuta wa mawe mbele ya nyumba. Dada yake anapinga, akisema fedha hizo zingepanda mikoko. Mama huyu ana akiba moja tu, na angependa kujua aiweke upande gani ili asije akajuta mbele ya wazazi wake, wala mbele ya Mola wake.

Kwanza tuelewe ni maji gani yanayoingia. Tunaofuata mwezi mwandamo tunajua kwamba mwezi uandamapo, na tena uwapo mpevu, bahari hujaa kuliko siku nyingine. Hiyo ndiyo bamvua, na imekuwepo tangu zama za mababu. Kilichobadilika ni kimo inachoanzia. Kati ya mwaka 1901 na 2018 bahari za dunia zilipanda kwa wastani wa sentimita 20 hivi, na siku hizi zinapanda karibu milimita 4 kila mwaka. Sentimita 20 ni kama shubiri moja. Mtu akiwa jabalini haioni, lakini kwenye ufuo tambarare shubiri moja ya kimo huyafikisha maji hatua nyingi barani. Bamvua ikikutana na upepo mkali wa kusi, maji hufika pale ambapo babu hakuwahi kuyaona.

Sasa tuutazame ukuta. Mahali pengine hakuna budi kuujenga. Ngome ya Yesu, kule Mombasa, imesimama juu ya mwamba wa matumbawe tangu mwishoni mwa karne ya 16. Mawimbi yalikuwa yakiula mwamba huo kwa chini, na katika miaka ya karibuni Serikali ikajenga ukuta wa kuukinga. Ngome haihamishiki, na mwamba mkavu unaopigwa na mawimbi haushiki mikoko.

Lakini ukuta una tabia zake. Wimbi likipiga ufuo wa mchanga hupanda, huchoka, kisha hurudi taratibu. Likipiga ukuta uliosimama wima hurudishwa na nguvu zake, likachimba mchanga ulio chini ya msingi. Ufuo huteremka mwaka baada ya mwaka. Dalili zake zinaonekana maji yanapokupwa: mawe ya msingi yaliyokuwa yamefukiwa huanza kutokeza, kisha udongo ulio nyuma ya ukuta hudidimia na nyufa hufuata. Ukuta usiochimbiwa msingi wa kutosha hauangushwi na wimbi la mbele, bali huanguka kwa kukosa pa kusimama.

Tabia ya pili ni nzito zaidi kwetu. Ukuta unapoishia, wimbi huzunguka ncha yake na kuula ufuo wa jirani kwa kasi kuliko awali. Aliyejenga anapumzika, asiyejenga anahamishwa. Mafakihi wametufundisha kwamba madhara hayaondolewi kwa madhara mengine; mtu hajikingi kwa kumtupia jirani yake balaa. Basi ukuta wa nyumba moja si jambo la familia moja.

Tena ukuta unaozuia maji kuingia huyazuia pia kutoka. Sisi wa huku tunalifahamu hili kwa mto Nzoia, unaopita Mumias na kuteremka hadi Budalang'i. Matuta ya kule yamewahi kupasuka mara nyingi, na maji yaliyokwisha kuingia hubaki nyuma ya tuta lile lile lililowekwa kuwalinda watu. Ukuta wa pwani usioachiwa matundu ya kutolea maji ya mvua hufanya hivyo hivyo.

Ama mikoko, kazi yake ni nyingine. Mizizi yake iliyosukana hulichosha wimbi lipitapo. Watafiti wamepima na kuona kwamba ukanda wa mikoko wenye upana wa mita 100 hupunguza kimo cha mawimbi kwa asilimia 13 hadi 66, kwa kadiri ya aina ya miti na msongamano wake. Basi safu mbili za miche mbele ya nyumba hazitoshi. Wala mikoko haiyazuii maji matulivu ya bamvua, ambayo hupita katikati ya miti. Faida yake kubwa ni kwamba hunasa tope, na ardhi ikainuka kidogo kidogo pamoja na bahari. Ukuta hauwezi kuinuka wenyewe. Hata hivyo, bahari ikipanda upesi kuliko tope, mikoko huhitaji nafasi ya kusogea nyuma, na ikikuta ukuta nyuma yake hufa imebanwa.

Mfano ulio karibu na kwao mama huyu ni Gazi. Mikoko ya ghuba ile ilikatwa sana katika miaka ya 1970 ili kuwa kuni za viwanda, na kuanzia miaka ya 1990 watafiti pamoja na wanakijiji wakaipanda upya. Mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vilianza mradi wa Mikoko Pamoja, unaotunza hekta 117 na kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo; mapato yamekwenda kwenye maji na shule. Akina mama wa Gazi nao wana daraja lao la mbao ndani ya mikoko, ambalo wageni hulipa ili kulipita.

Funzo la upandaji ni kwamba kila mti una mahali pake. Mlilana hukaa mbele, unapokutana na bahari. Mkoko wenyewe hufuata kwenye tope, kisha mkandaa, na mchu huvumilia chumvi ya nyuma. Wengi hupanda mkoko kila mahali kwa kuwa mche wake mrefu huchomekwa topeni bila kitalu. Ukichomekwa kwenye mchanga unaopigwa na mawimbi hung'olewa, hata wakipanda maelfu.

Nilimwuliza mama yule: maji yakipwa, mbele ya nyumba kuna nini? Akasema kuna tope, na visiki vya mikoko iliyokatwa zamani. Hapo jibu likawa wazi. Palipo na visiki, mikoko iliwahi kuishi, na inaweza kurudi. Mchango wake auweke huko, kwa kushirikiana na majirani na kwa kupitia Huduma ya Misitu, kwani mikoko ya Kenya ni msitu wa Serikali. Miche haitalinda nyumba msimu huu, basi sehemu ya akiba ihamishe jiko lipelekwe nyuma, palipoinuka.

Lau angesema pana mchanga mtupu unaokabili bahari kuu, ningemwambia mikoko haitashika. Hapo ni ama ukuta wa ufuo mzima, uliosimamiwa na mhandisi na kukubaliwa na majirani wote, ama kuihamisha nyumba.

Amekwenda kuwapigia simu kaka zake. Mwenyezi Mungu awaunganishe katika kauli moja, na azihifadhi nyumba za wazazi wetu. Amin.