Tahadhari: usitume wasifu wa safu mbili

Masika yakianza, hoteli nyingi za huku Utende hufunga, na vijana wa boti, wa jikoni na wa kuzamia huanza kuomba kazi Unguja, Dar es Salaam na Dubai. Ndiyo maana naandika sasa. Kuna kiolezo cha wasifu wa kazi kinachopita simu hadi simu kwenye magrupu ya WhatsApp: upande wa kushoto kuna ukanda wa rangi wenye picha, namba ya simu, lugha na ujuzi, upande wa kulia kuna historia ya kazi. Kinapendeza machoni. Msikitumie kuombea kazi kwenye tovuti za kampuni kubwa, na aliyenacho asimpe mwenzake.

Kampuni hizo hupokea maombi kupitia mifumo kama Workday na Taleo. Ukishapakia faili lako, programu hutoa maandishi yaliyomo na kuyagawa kwenye visanduku: jina, cheo, mwajiri, tarehe, elimu. Afisa ajira mara nyingi huanza na visanduku hivyo, au hutafuta kwa maneno anayoyataka, kabla hajafungua faili lenyewe. Tatizo ni kwamba baadhi ya programu husoma mstari kutoka kushoto hadi kulia, hata pale safu mbili zinapokaa ubavu kwa ubavu.

Chukua mfano wa kijana aliyeongoza wazamiaji hapa Utende kuanzia Juni 2021 hadi Machi 2024. Kwenye karatasi, lugha zake ziko kushoto na kazi yake iko kulia. Programu inaweza kutoa maandishi hayo hivi:

```
LUGHA UZOEFU WA KAZI
Kiswahili Kiongozi wa wazamiaji
Kiingereza Hoteli ya ufukweni, Utende
UJUZI Juni 2021 - Machi 2024
Huduma ya kwanza Kukagua mitungi
```

Angalia mstari wa nne. Tarehe za kazi zimeangukia chini ya Ujuzi, na cheo kimeambatana na Kiswahili. Mfumo unaohesabu miaka ya uzoefu unaweza kuona kazi isiyo na tarehe, yaani miaka karibu mitatu baharini imefutika. Si lazima programu imkatae yenyewe. Inatosha asionekane afisa anapochuja wenye uzoefu wa miaka miwili.

Jipimeni leo, kwa simu tu. Fungua PDF yako, bonyeza neno moja kwa muda, chagua maandishi yote, nakili, kisha yabandike kwenye ujumbe wa WhatsApp unaojitumia mwenyewe. Yakija yamechanganyika kama hapo juu, wasifu huo haufai. Ukishindwa kuchagua hata neno moja, faili ni picha, kama zile zinazochapwa steshenari kisha zikapigwa skani. Programu nyingine hazitaona kitu humo. Kipimo hiki si kamili, kwa sababu kila programu ina usomaji wake, na wasifu uliofaulu hapa bado unaweza kukwama kwingine. Ila ulioshindwa hapa usiutume.

Kuutengeneza upya hakuhitaji fundi. Anza na ukurasa mtupu wa Google Docs au Word, usirekebishe kile kiolezo, kwa sababu majedwali na visanduku vyake hubaki vimejificha. Andika jina, simu na barua pepe juu kabisa, lakini ndani ya ukurasa wenyewe, si katika eneo la kichwa cha ukurasa, ambalo baadhi ya programu huliruka. Kisha kazi, ukianza na ya karibuni: cheo, mwajiri na mahali, mwezi na mwaka, halafu mistari michache ya ulichofanya. Elimu na vyeti vifuate, na lugha zije mwisho. Vyote vishuke kwa safu moja. Zile nyota tano za kupima Kiingereza ziondoe, uandike kwa maneno kwamba unazungumza na kuandika vizuri. Cheti nacho kiandikwe kama kinavyosomeka, kwa mfano PADI Divemaster, maana hayo ndiyo maneno anayoyatafuta mwajiri. Nembo yake peke yake haitafutiki.

Hifadhi kwa kupakua PDF au Word moja kwa moja. Ukishaupakia, tovuti nyingi hukuonyesha fomu iliyojijaza. Hapo usiharakishe kubonyeza kutuma: soma kila kisanduku, na palipokosewa andika kwa mkono wako.

Kwa hoteli ndogo za hapa, ambako meneja anasoma karatasi kwa macho, wasifu wa rangi haukudhuru, na huu mpya hautakudhuru pia. Waliokwisha kutuma ule wa zamani mwaka huu, ingieni tena kwenye akaunti zenu kabla tangazo halijafungwa. Tovuti nyingine huruhusu kubadilisha faili au kuondoa ombi na kuomba upya.